Indiketa Inapokimbia Upande Mmoja: Usianze na Flasha

Likizo iliyopita baba mdogo alinionyesha gari lake. Ukiwasha indiketa ya kushoto, inapiga taratibu kama kawaida. Ukiwasha ya kulia, inakimbia "ta-ta-ta-ta" karibu mara mbili zaidi. Fundi alikuwa amemwambia flasha imekufa, akamuuzia mpya kwa shilingi 15,000. Ilipofungwa, kulia bado ilikimbia vilevile.

Ndugu msomaji, kabla hatujagusa spana, tufikiri kidogo. Katika gari kama lile flasha ni moja tu, na inahudumia pande zote mbili. Swichi ya usukani ndiyo inayoamua umeme wake uende kulia au kushoto. Sasa, kama kushoto inapiga vizuri, flasha ingekuwaje nzima kwa kushoto na mbovu kwa kulia? Kosa la upande mmoja tulitafute kwenye upande huo. Flasha tungeishuku kama pande zote mbili zingekataa au zingebadilika mwendo kwa pamoja.

Lakini kwa nini inakimbia? Flasha ya kielektroniki hupima mkondo unaopita ndani yake kwenda kwenye globu. Kila upande una globu ya mbele ya wati 21 na ya nyuma ya wati 21, zimeungwa sambamba. Kwa betri ya volti 12, gawanya 21 kwa 12: kila moja inakula ampia 1.75, na mbili zinakula 3.5. Moja ikiungua, unabaki mkondo wa ile nyingine pamoja na kiasi kidogo cha taa ya ubavuni kama ipo. Flasha ikiona mkondo umeshuka hivyo, inaongeza kasi ili dereva ajue. Kwa hiyo ile mbio ni taarifa, na flasha iliyomtolea baba mdogo taarifa hiyo ndiyo iliyotupwa. (Zile flasha za zamani za joto hufanya kinyume: globu ikiungua, zinapiga polepole au taa inabaki imewaka tu.)

Basi tukawasha indiketa ya kulia na kuzunguka gari. Ya mbele ilikuwa inawaka vizuri. Ya nyuma, giza. Baba mdogo akasema, "Si unaona mwanangu, globu hiyo." Hata mimi niliamini hivyo. Tukaitoa, na waya wake mwembamba wa ndani ulikuwa mzima. Tukaijaribu kwenye kikombe cha nyuma kushoto, ikawaka. Kumbe globu haina kosa.

Hapo ndipo tulipoona jambo la ajabu. Taa zote nyingine zilikuwa zimezimwa, lakini kila indiketa ya kulia ilipopiga, taa nyekundu ya nyuma kulia nayo ilikonyeza kwa mbali. Hiyo ni dalili ya ethi mbaya. Umeme ukishapita kwenye globu lazima urudi betri, na unarudi kupitia bodi ya gari. Taa zote za kona ile ya nyuma zilitumia waya mmoja wa ethi. Waya huo ukikosa mguso mzuri, umeme wa indiketa unatafuta njia nyingine: unapita kinyumenyume kwenye ile taa nyekundu hadi kwenye taa wenzake zenye ethi nzuri. Njia hiyo ina ukinzani mkubwa, hivyo mkondo unakuwa mdogo. Kwa flasha, hali hiyo haina tofauti na globu iliyoungua.

Kuthibitisha ni rahisi. Tulichukua kipande cha waya, ncha moja tukaigusisha kwenye chuma cha nje cha kikombe cha globu, nyingine kwenye chuma safi cha bodi. Papo hapo indiketa ya nyuma ikawaka na mwendo ukarudi kawaida. Angalia tu usiguse kile kidoti cha katikati kinacholeta umeme, maana utaunguza fyuzi.

Tulifuata waya wa ethi hadi ndani ya buti, tukakuta bolti yake imeshikwa na kutu. Tuliifungua, tukasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza na kupaka grisi juu. Kazi ikaisha hapo.

Kama waya ule usingebadilisha kitu, tungeangalia upande wa pili: je, umeme unafika kwenye kile kidoti? Na kama mtu ameweka globu za ledi, mbio inaweza kutokea bila kosa lolote, kwa sababu zinakula mkondo mdogo sana.

Baba mdogo aliniuliza gari lilitembea hivyo kwa muda gani. Alihesabu: wiki tatu. Wiki tatu alikata kulia huku bodaboda aliye nyuma yake haoni ishara yoyote.