Siki, manjano na kilo zisizopungua
Kijitabu cha elimu ya afya kwa wakazi wa Alunguli, Kindu

Tufaha hazilimwi kando ya Lualaba, lakini habari za siki yake zimevuka mto zamani. Ujumbe unaopita kwenye simu ni ule ule: kijiko asubuhi kabla ya kula, tumbo linayeyuka, viungo vinaacha kuvimba. Wengine huongeza manjano, ambayo wengi huiita kurkuma, pamoja na tangawizi na ndimu.

Ahadi hiyo ilipata nguvu Machi 2024, pale jarida moja la kundi la BMJ la Uingereza lilipochapisha utafiti wa Lebanoni. Vijana 120 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi. Waliopewa siki walikunywa mililita 5, 10 au 15 kila asubuhi ndani ya glasi ya maji. Iliripotiwa kwamba baada ya wiki 12 walikuwa wamepungua kilo 6 hadi 8. Dunia nzima ilishangilia. Wataalamu wa takwimu walipozichambua namba hizo upya, hesabu hazikutoka sawa, na ugawaji wa makundi haukuonekana kuwa wa bahati nasibu kama ilivyodaiwa. Septemba 2025 jarida liliufuta utafiti huo. Habari ya kufutwa haikusambaa kama ile ya kwanza, na ndiyo sababu inaandikwa hapa.

Kuna utafiti mwingine, wa Japani mwaka 2009, ambao haukufutwa. Watu wanene waliokunywa mililita 15 au 30 za siki kwa siku, zikiwa zimechanganywa katika nusu lita ya kinywaji, walipungua kilo 1 hadi 2 kwa miezi mitatu. Walipoacha, uzito ulianza kurudi ndani ya mwezi. Hayo ndiyo matunda yote ya siki kwa mwili mnene.

Sasa lile ambalo watu hulipuuza: kipimo. Mtu asiyeona mabadiliko haachi, huongeza. Kijiko huwa vitatu, kisha nusu kikombe, kisha maji huondolewa ili "dawa iwe kali". Siki ya kula huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 5, na hata hiyo, ikinywewa bila maji, huunguza koo na kula ngozi ngumu ya meno, ambayo haioti tena. Anayekosa siki ya tufaha akachukua chupa nyingine asome kwanza asilimia kwenye karatasi yake. Inayofika 10 si ya kunywa. Chupa isiyo na karatasi si ya kunywa pia.

Huko Innsbruck, Austria, madaktari walieleza mwaka 1998 habari za mwanamke wa miaka 28 aliyekuwa akinywa mililita 250 za siki ya tufaha kila siku kwa miaka sita, zaidi ya vijiko vikubwa 16. Potasiamu katika damu yake ilikuwa imeshuka, na mifupa yake ilikuwa myepesi kama ya bibi kizee. Potasiamu ikishuka, misuli hulegea au kukakamaa na moyo hupiga ovyo. Si kila kituo cha afya kina maabara ya kuipima, na anayezidiwa Alunguli usiku bado ana mto wa kuvuka. Kwa hiyo inarudiwa: siki isinywewe bila maji, na kipimo kisiongezwe.

Wanaotumia insulini, vidonge vya sukari au dawa za kukojoza za presha, pamoja na wajawazito na wenye vidonda vya tumbo, wamuulize kwanza mhudumu wa afya. Na dawa za hospitali zisiachwe kwa sababu ya siki.

Manjano ya kwenye chungu cha samaki haina ugomvi na mtu. Kurkumini, kiini kinachosifiwa kwa kupunguza uvimbe, ni kama asilimia 3 tu ya unga wake, na utumbo huinyonya kidogo sana. Ndiyo maana watengenezaji huikamua na kuifunga katika vidonge, mara nyingi pamoja na kiini cha pilipili manga kinachoifanya ipenye damuni kwa wingi. Hapo ndipo ini huingia hatarini. Marekani, madaktari wanaofuatilia maradhi ya ini yatokanayo na dawa walieleza wagonjwa 10 walioumizwa na bidhaa za manjano, mmoja alifariki. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo kama hilo.

Macho yakigeuka ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au mwili ukawasha bila vipele, vidonge viachwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa aende kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi, hata kama imekwisha, aseme alikunywa kiasi gani na tangu lini. Wengi humficha muuguzi kwa kuona haya, naye hubaki akitafuta malaria. Muuguzi hatamkaripia, anachohitaji ni kuiona ile chupa.