Taa za Noeli: balbu za zamani, LED na saa ya soketi

Familia moja ya Mulungwishi, karibu na misheni ya Wametodisti, ina waya wa balbu 20 za rangi unaozunguka baraza tangu katikati ya Desemba hadi sikukuu ya Mamajusi. Fundi umeme anajibu maswali yao.

Fundi, hizi taa zetu zinakula umeme kiasi gani?

Mama, soma kwanza maandishi kwenye kichwa cha balbu. Zenu zimeandikwa wati 15. Mara 20, ni wati 300. Mkiziwasha saa 12 jioni na kuzizima saa 12 asubuhi, ni saa 12, yaani kilowati-saa 3.6 kila usiku. Kwa usiku 22, tangu tarehe 16 Desemba hadi 6 Januari, zinafika kilowati-saa 79. Zidisha hiyo kwa bei ya kilowati-saa moja mnayolipa SNEL, mtapata gharama yenu.

Balbu ya LED ya rangi inayoingia kwenye kishikio hichohicho hutumia wati moja hivi. Zote 20 ni wati 20, na kwa usiku huohuo 22, usiku kucha, zinakula kilowati-saa 5 na kidogo. Sababu ni kwamba balbu ya zamani inachemsha uzi hadi ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme inatoka kama joto. Ya rangi ni mbaya zaidi, kwa sababu rangi ya kioo inazuia tena sehemu ya mwanga uliokwisha lipiwa.

Tukinunua saa ya soketi tu, bila kubadilisha balbu?

Itasaidia sana. Mkiiweka iwashe saa 12:30 jioni, jua linapozama huku kwetu mwezi wa Desemba, na izime saa 4:30 usiku, mtatumia saa nne badala ya 12. Kilowati-saa 79 zinashuka hadi 26. Lakini linganisheni: LED zinazowaka usiku kucha bila saa yoyote bado zinakula 5 tu. Kwa hiyo kama fedha zinatosha kitu kimoja, nashauri balbu. Saa ya soketi yenyewe, ile ya kuzunguka, hula karibu wati moja mchana na usiku, nusu kilowati-saa kwa muda wote huo. Kwenye LED faida yake inabaki kama kilowati-saa 3. Si kubwa, ila inawapa majirani usingizi na balbu zinadumu.

Tuliwahi kuwa nayo. Taa zilikuwa zikiwaka usiku wa manane. Ilikuwa imeharibika?

Hapana, haikuharibika. Ile ya gurudumu lenye vipini vidogo vya dakika 15 huendeshwa na mota ya umeme. Umeme ukikatika, gurudumu linasimama palepale. Delestaji ya muda wa saa tano wakati wa mchana inaichelewesha saa tano, na taa zilizopangiwa saa 12:30 jioni zinawaka saa 5:30 usiku. Ni rahisi kutambua: tazama mshale wa gurudumu, ulinganishe na simu. Kumbuka tu kwamba gurudumu limeandikwa kwa saa 24, hivyo saa 12:30 jioni ni 18:30.

Panapokatikakatika umeme, tafuteni saa ya kioo cha namba yenye kibetri ndani. Inaendelea kuhesabu hata gizani. Au soketi yenye jicho la mwanga pamoja na hesabu ya saa: giza likiingia inawasha, baada ya saa nne inazima. Jicho hilo liwekwe mbali na taa zenyewe, la sivyo litaziona na kudhani kumekucha. Na kwa kuwa Desemba ni masika, soketi ikae ndani, waya tu ndio utoke nje.

Nitajuaje kwamba LED nilizouziwa sokoni ni za wati moja kweli?

Zima vyote nyumbani, washa taa hizo peke yake, kisha tazama kitaa chekundu kwenye mita. Pembeni pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa kilowati-saa. Ikiwa ni 1000, wati 300 zitakipepesa kila sekunde 12, na wati 20 kila dakika tatu. Kikipepesa kila dakika moja, umeuziwa balbu za wati tatu.

Na usiku SNEL inapokosekana, tukitumia betri ya sola?

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ya asidi, isishushwe chini ya nusu. Inabaki na wati-saa 600 za kutumia. Pamoja na upotevu wa inveta, balbu zenu za zamani zitaimaliza nusu hiyo kwa saa moja na dakika 40 hivi: mkiwasha saa 12:30 jioni, saa mbili na robo usiku ni giza. LED, hata ukihesabu wati 10 ambazo inveta yenyewe hula, zitachukua wati-saa 120 hadi saa 4:30 usiku.