Karatasi ya DNA Kutoka Ng'ambo: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Kitale na Bungoma

Mwongozo huu ni wa maafisa wa kliniki, wauguzi na wataalamu wa maabara wanaohudumu Bungoma, Webuye, Kimilili na Kitale. Unahusu karatasi moja tu ambayo wagonjwa wanaweza kuja nayo: ripoti ya alama ya hatari ya jeni nyingi, iliyotolewa baada ya mtu kutema mate kwenye kichupa na kukituma ng'ambo kupitia kwa ndugu.

Chukua mfano huu. Mwalimu mstaafu anatumia metformin kwa kisukari. Mpwa wake aliyeko Marekani anamlipia kipimo, na ripoti inarudi ikisema kwamba kwa hatari ya kisukari yuko nafasi ya 18 kati ya 100, yaani chini. Mwalimu anafurahi, anaacha dawa. Miezi miwili baadaye anafika kliniki akiwa na kiu isiyoisha na anakojoa usiku kucha. Sukari yake kabla ya kula asubuhi ni 13.4. Anaweka karatasi mezani na kuuliza, kwa heshima, kati ya mashine yenu na hii DNA, ni ipi inayosema kweli?

Ili kumjibu ipasavyo, ni lazima ujue namba 18 ilipikwa vipi.

Alama inavyojengwa

Kazi huanza kwa kukusanya watu wengi, mara nyingi malaki, wenye ugonjwa na wasio nao. Kwa kila mmoja husomwa mamia ya maelfu ya sehemu za DNA ambazo watu hutofautiana kwa herufi moja: huyu ana C, yule ana T. Kwa kila sehemu huulizwa swali lile lile: je, wagonjwa wana T nyingi kuliko wazima? Jibu huwa ni namba ndogo iitwayo uzani. Uzani chanya maana yake herufi hiyo huonekana zaidi kwa wagonjwa, na uzani hasi ni kinyume chake.

Kisha huja hesabu ya mtu mmoja. Kila mtu ana nakala mbili za kila sehemu, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo anaweza kuwa na T sifuri, moja au mbili. Unazidisha idadi hiyo kwa uzani, halafu unajumlisha sehemu zote. Tuseme sehemu ni tatu tu. Ya kwanza ina uzani 0.10 na mwalimu ana nakala 2: 0.20. Ya pili ina uzani 0.06 na ana nakala 1: 0.06. Ya tatu ina uzani wa hasi 0.04 na ana nakala 1: hasi 0.04. Jumla ni 0.22. Alama halisi hufanya hivyo hivyo kwa mamia, maelfu, au hata zaidi ya milioni moja ya sehemu.

Lakini 0.22 peke yake haina maana yoyote. Huwa na maana inapolinganishwa na jumla za watu wengine, na hapo ndipo 18 kati ya 100 inapotoka. Swali la kwanza la kuuliza juu ya ripoti yoyote ni hili: hao 100 ni akina nani?

Kwa alama nyingi zinazotumika leo, watu waliotoa uzani na watu wa kulinganishwa nao ni wenye asili ya Ulaya. Hazina kubwa kama UK Biobank ya Uingereza ina watu takriban 500,000, na zaidi ya 9 kati ya 10 ni wa asili hiyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulipima alama za sifa 17 za mwili ndani ya hazina hiyo hiyo. Usahihi wake kwa watu wa asili ya Afrika ulikuwa chini kwa wastani wa asilimia 78 ukilinganishwa na watu wa asili ya Ulaya. Watu hao waliishi nchi moja na walipimwa katika mradi mmoja, lakini alama ilipoteza zaidi ya robo tatu ya uwezo wake.

Shahidi na mtenda

Sababu kuu ni kwamba herufi iliyopewa uzani mara nyingi siyo inayoleta madhara. Ni jirani yake. DNA hurithiwa kwa vipande, na herufi zilizo karibu husafiri pamoja. Tuite ile inayoleta madhara mtenda, na ile iliyosomwa na mashine shahidi. Mashine haikumwona mtenda, ilimwona shahidi aliyezoea kuandamana naye.

Kwa watu wa asili ya Ulaya vipande hivyo ni virefu, kwa sababu mababu zao walitokana na kundi dogo lililotoka Afrika makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Waliobaki Afrika walikuwa wengi, na kwa vizazi vingi vipande vyao vimekatwa na kuchanganywa upya hadi vikawa vifupi. Tuseme Uingereza ukikuta shahidi mara kumi, mara tisa mtenda yupo. Webuye unaweza kumkuta shahidi yule yule mara kumi, na mtenda akawepo mara tatu. Uzani haujabadilika kwenye faili ila ushahidi umevunjika. Alama inaendelea kujumlisha kana kwamba shahidi bado anajua kitu.

Nimeitaja Webuye kwa makusudi. Mradi wa kimataifa wa Jenomu 1000, uliochapisha matokeo yake ya mwisho mwaka 2015, ulisoma watu 2,504 kutoka makundi 26 duniani. Kundi moja linaitwa LWK, maana yake Waluhya wa Webuye, Kenya. Ni watu 99. Jenomu zao hutumiwa na maabara za dunia nzima kupima ni herufi gani husafiri pamoja. Hata hivyo hazikuambatanishwa na rekodi za ugonjwa. Mtafiti anaweza kukokotoa alama ya kisukari ya watu wote 99 kwa mchana mmoja, lakini hana njia ya kujua nani kati yao aliugua. Kwa hiyo ukisikia kwamba alama fulani "imejaribiwa kwa Waluhya", uliza kama ilipimwa dhidi ya ugonjwa, au ilikokotolewa tu.

Kukokotoa tu huko kuna faida moja: kunafichua kosa la ulinganisho. Rudi kwenye sehemu yetu ya kwanza, yenye uzani 0.10. Kama T ni 3 kati ya nakala 10 Uingereza, wastani wa mchango wake huko ni 0.06. Kama ni 8 kati ya 10 Webuye, wastani ni 0.16. Jamii nzima imesogea bila mtu hata mmoja kuugua zaidi, kwa sababu herufi huongezeka na kupungua kwa bahati tu vizazi vikipita. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba alama ya urefu wa mwili iliyojengwa Ulaya ilitabiri Waafrika kuwa wafupi sana kuliko Wazungu, jambo ambalo vipimo vya urefu vinalikataa. Ukiona karibu watu wote wa kundi moja wamerundikana upande mmoja wa mizani, tatizo liko kwenye mizani.

Kisichokuwa kwenye orodha

Kuna sababu ya pili, na kwetu ni nzito. Utafiti hauwezi kutoa uzani kwa herufi ambayo haukuikuta. Bungoma iko katika ukanda wa malaria, na hapa wabebaji wa nakala moja ya jeni ya seli mundu ni wengi, kwa sababu jeni hiyo iliwakinga mababu. Kwa watu wa asili ya Ulaya Kaskazini karibu haipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa Wamarekani Weusi ulionyesha kwamba mbebaji husoma HbA1c chini kwa takriban 0.3 kuliko asiyebeba mwenye sukari sawa. Aina ya upungufu wa G6PD iliyoenea Afrika nayo hushusha HbA1c.

Hapa panahitaji uangalifu, maana kosa huingia kupitia milango miwili. Alama iliyojengwa Ulaya haina taarifa ya jeni hizo. Nawe ukitaka kuihakiki kwa HbA1c ya mgonjwa, kipimo chako pia huenda kimeshushwa. Kwa mwalimu wetu, chukua sukari kabla ya kula na uitegemee hiyo. HbA1c ikipishana nayo, fikiria seli mundu na upungufu wa damu kabla ya kumwambia kwamba anaendelea vizuri.

Alama ya Waafrika haitoshi kuwa jibu

Wapo watakaosema basi tutumie alama iliyojengwa kwa watu weusi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha jaribio la aina hiyo. Walichukua uzani wa mafuta ya damu kutoka kwa Wamarekani Weusi na kuupeleka Afrika. Kwa Wazulu wa Afrika Kusini, alama ilieleza asilimia 8.14 ya tofauti za kolesteroli ya LDL kati ya mtu na mtu. Kwa Waganda, ilieleza asilimia 0.026, sawa na kutoeleza kitu. Watafiti walidhani tofauti za jeni na za mazingira kati ya makundi hayo zilichangia.

Waganda hao ni majirani zetu. Na Kitale si mji wa jamii moja: kuna Wabukusu, Wasabaoti, Waturkana, Wapokoti, Wakikuyu na wengine, wenye asili za Kibantu na za Kiniloti. Alama itakayojengwa Webuye nayo italazimika kupimwa upya kwa Msabaoti wa Endebess kabla ya kutumiwa kwake.

La kufanya karatasi ikifika

Usimdharau mgonjwa wala mpwa aliyelipa. Soma ripoti pamoja naye, mtafute mahali panapotaja asili ya watu waliotoa uzani, waliotumika kuhakiki, na waliotumika kulinganisha. Kama hapatajwi, chukulia kwamba siyo watu wa hapa. Usianzishe, usipunguze wala usisimamishe dawa kwa sababu ya alama. Pima shinikizo la damu, sukari na uzito, uliza ugonjwa wa wazazi na ndugu, na umrudishie mwalimu metformin yake kwa utaratibu wa kawaida.

Usichanganye alama hii na kipimo cha jeni moja. Kipimo cha seli mundu humtazama mtenda mwenyewe, na jibu lake ni lile lile Bungoma, Muscat au London.

Usipige picha ya ripoti na kuituma kwenye kundi la simu, hata kwa kuomba ushauri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu taarifa ya jeni kuwa data nyeti, na karatasi hiyo inawahusu pia watoto na ndugu zake.

Mwisho, andika kwenye faili maneno haya: "Alama ya jeni imeletwa na mgonjwa. Haijathibitishwa kwa watu wa eneo hili. Uamuzi umefanywa kwa vipimo vya leo."