TANGAZO LINALOMPOTEZA MGENI, NA JINSI YA KULIANDIKA UPYA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Ndugu msomaji, darasani tumefundishwa kuwa tangazo lazima liwe fupi, liwe na kichwa, na liseme ni nani anayetangaza. Hayo ni kweli. Lakini kuna tangazo linaloweza kutimiza yote hayo na bado likamwacha mtu nje ya mlango. Katika makala haya nitachukua tangazo moja tu, la Maulidi katika msikiti wa mtaa wetu huku Pwani, tulipasue kipande kwa kipande, kisha tuliandike upya. Jina la msikiti nimeliacha, kwa kuwa haja yangu ni lugha.

Hili hapa tangazo lenyewe, kama lilivyobandikwa ukutani mwaka uliotangulia:

TANGAZO! TANGAZO! TANGAZO!
Waislamu wote mnatangaziwa kuwa yale Maulidi yetu ya kila mwaka yatasomwa usiku wa Ijumaa baada ya Isha, saa 8.00, mahali pa kawaida. Kina mama kule kule kwao. Nyote mfike bila kukosa.
Kamati.

Ukilisoma haraka utasema, sasa kosa liko wapi? Mzee aliyezaliwa mtaani hapoteleki hata kidogo. Lakini mwaka huo jirani yetu mmoja, muuguzi aliyehamishwa kutoka bara, Mwislamu mwenyewe, alivaa vizuri akawachukua watoto wake wawili akaenda Ijumaa usiku. Alikuta taa zimezimwa na sufuria za pilau zimeshaoshwa. Alimwambia mama yangu, "Nilidhani wameamua tu wageni tusijue." Hakuna aliyemficha kitu. Ni lile tangazo lililomfungia mlango.

KOSA LA KWANZA: USIKU WA IJUMAA NI USIKU UPI?

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hivyo tusiende mbio. Katika hesabu ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapotua, si saa sita ya usiku. Jua la Alhamisi likishatua, Ijumaa imeingia. Ndiyo maana wazee wa Pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" huwa wanataja ule usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Sisi tuliozoea kalenda ya ukutani tunasikia maneno hayo hayo na tunafikiria usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Maneno ni matatu tu, na kati ya mzee na muuguzi pana siku nzima.

Je, tuwasahihishe wazee? La, hawajakosea. Kiswahili chenyewe kina dawa yake, nayo ni neno "kuamkia". Tazama kitenzi: kuamka, kisha kuamkia, yaani kuamka ukaikuta siku fulani. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" ni usiku ambao ukilala na kuamka, asubuhi yake ni Ijumaa. Hakuna wa Pwani wala wa bara atakayeelewa vingine. Ukiongeza mbele yake "Alhamisi jioni" pamoja na tarehe, umefunga kila mwanya.

Tarehe nayo ina jambo lake. Maulidi husomwa katika Mfunguo Sita, mwezi ambao kwa Kiarabu ni Rabiul Awwal, na miezi hiyo hufuata kuandama kwa mwezi. Mgeni ukimwandikia "mwezi 25 Mfunguo Sita" peke yake, atabaki akikuna kichwa. Andika tarehe ya kalenda ya kawaida kwanza, ya Kiislamu ifuate kwa anayeitaka.

KOSA LA PILI: SAA 8.00 NA "BAADA YA ISHA"

Katibu wa kamati alitazama saa yake ya mkononi, mshale mfupi ukamwonyesha 8, akaandika "saa 8.00". Lakini kwa Kiswahili, saa nane za usiku ni wakati ambao hata mbwa wamelala. Alichokusudia ni saa mbili usiku. Kosa hili liko kila mahali nchini, katika kadi za harusi na hata barua za shule, kwa sababu tunasema kwa hesabu ya Kiswahili halafu tunaandika tarakimu za Kizungu.

Njia salama ni mbili zikiandamana. Kwanza andika saa kwa maneno, "saa mbili usiku", kwa sababu mtu akiandika kwa maneno huandika anavyotamka. Pili, weka kwenye mabano tarakimu za saa ishirini na nne, yaani 20:00, kama zinavyotokea kwenye simu nyingi. Hizo haziwezi kuwa alfajiri.

"Baada ya Isha" ni maneno mazuri kwa anayeswali pale kila siku. Kwa mgeni hayatoshi, kwa kuwa wakati wa Isha hufuata jua nao husogea kwa dakika kadhaa kadiri mwaka unavyokwenda. Tena "baada ya" haina mwisho. Hata saa tano ni baada ya Isha. Basi taja saa ya kuanza na pia ya kumaliza. Mama mwenye watoto wadogo, au mtu anayetegemea matatu ya mwisho, hawezi kuamua kuja kama hajui ataondoka saa ngapi.

KOSA LA TATU: "KAMA KAWAIDA" NA JAMAA ZAKE

"Mahali pa kawaida", "kule kule kwao", "yale Maulidi yetu". Maneno haya yote yanamtaka msomaji awe anajua tayari. Kiambishi "-le" kazi yake ni kuonyesha kitu tunachokijua sote, mimi na wewe. Mgeni akisikia "kule kule" anajua mara moja kwamba yeye hakuhesabiwa.

Badala yake, mwelekeze kutoka pale atakaposhukia. Usianze na msikiti, maana huko ndiko anakotafuta. Anza na steji ya matatu, au soko, kitu ambacho hata kondakta anakijua. Halafu mwonyeshe mlango. Wanawake na wanaume huingia milango mbalimbali, na hakuna jambo linalomwaibisha mgeni kama kurudishwa mlangoni mbele ya watu.

KOSA LA NNE: KUAMRISHA BADALA YA KUKARIBISHA

"Waislamu wote mnatangaziwa... mfike bila kukosa." Hiyo ni sauti ya chifu kwenye baraza! Hapa nilijaribu kubadilisha nafsi. "Nyote" ni umati, na mgeni hujiona yuko nje ya umati. "Unakaribishwa wewe na jamaa zako" ni mtu mmoja anasemezwa. Lakini neno karibu peke yake halitoshi kumtoa mgeni woga. Kinachomtoa woga ni kujua yatakayomkuta: kama kuna kiingilio, avae nini, viatu anaviacha wapi. Katika Maulidi kuna kiyamu, ambapo wote husimama kwa pamoja. Asiyejua atabaki ameketi peke yake huku amezungukwa na miguu ya watu, akitamani ardhi ipasuke. Sentensi moja inatosha kumwokoa.

TANGAZO JIPYA

Kabla ya kuandika nilikwenda kwa maalim wetu wa madrasa, maana mambo ya ibada si ya mwanafunzi kujiamulia. Nilimuuliza, "Shikamoo maalim. Je, asiye Mwislamu naye tumwandike?"

"Marahaba mwanangu," akasema. "Jirani ni jirani. Mwandike, ila useme atakaa asikilize, asije akadhani atalazimishwa kitu. Na salamu usiitoe, hata tangazo likiwa fupi vipi."

Hivi ndivyo lilivyotoka:

KARIBU KATIKA MAULIDI
Assalamu alaikum.
Msikiti wa .............. unakukaribisha wewe na jamaa zako kusoma Maulidi ya Mtume Muhammad (S.A.W.).
SIKU: Alhamisi jioni, tarehe 18 Septemba 2025 (usiku wa kuamkia Ijumaa).
SAA: Kuanzia saa mbili usiku (20:00) mpaka saa nne usiku (22:00). Chakula kitafuata kwa atakayeweza kubaki.
MAHALI: Uwanja wa madrasa, nyuma ya msikiti. Ukishuka steji ya sokoni, fuata barabara ya Posta kwa miguu dakika tano. Utauona mnara upande wa kushoto.
MLANGO: Wanaume, mlango mkubwa wa barabarani. Wanawake na watoto, mlango wa kijani upande wa kisima.
UKIWA NI MARA YAKO YA KWANZA: Hakuna kiingilio. Vaa nguo za heshima zinazositiri mwili. Viatu utaviacha mkekani. Wakati wa kiyamu watu husimama, nawe simama nao. Majirani wa dini nyingine wanakaribishwa kukaa na kusikiliza. Vijana wenye utepe wa kijani mkononi watakupokea.
Kamati ya Msikiti.

Ni refu kuliko lile la kwanza, sikatai. Lakini aliye na haraka atasoma mistari mitatu yenye SIKU, SAA na MAHALI, naye aliye mgeni atafika mpaka chini.

KULIPIMA

Tangazo halipimwi na aliyeliandika, kwa sababu yeye anajua tayari. Nilimpa mwanafunzi mmoja aliyehamia shuleni kwetu kutoka Kitui. Nilimpa kwanza lile la zamani, akalisoma, nikalichukua, nikamuuliza maswali manne: siku gani, saa ngapi, unashukia wapi, unaingia mlango upi? Alijibu, "Ijumaa, saa nane usiku. Hayo mengine sijui." Kisha nikampa jipya. Alijibu matatu sawasawa, ila mlango aliutaja wa kina mama! Kumbe katika nakala yangu ya kwanza milango yote miwili ilikuwa katika sentensi moja ndefu. Ndipo nikaitenganisha kama unavyoiona hapo juu.

Jambo la mwisho ni kipaza sauti. Tangazo hili pia husomwa baada ya swala ya Ijumaa, na sikio halina nafasi ya kurudi nyuma kama jicho. Msomaji asisome mistari yote. Aseme siku, saa na mahali, kisha arudie hayo matatu, na mengine aelekeze watu ukutani. Nilipomsomea maalim kwa sauti, alinisimamisha kwenye "Alhamisi jioni" akanitaka niirudie mara mbili. "Hapo ndipo tulipompoteza yule muuguzi," akasema.

ZOEZI

Mwenzangu, tangazo hili lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa. Liandike upya, ulete kwenye mkutano wa chama:

"Kesha letu litakuwa Ijumaa saa 9.00 usiku mpaka asubuhi. Mahali ni pale pale. Washirika wote mje na Biblia na lile toleo tulilokubaliana."

Jiulize: je, saa tisa ni saa tisa kweli? Hiyo "asubuhi" ni ya Jumamosi, na mgeni ameambiwa? Lile toleo, nani alikubaliana nalo, na asiye nalo abaki nyumbani? Kisha limpe mtu ambaye hajawahi kukanyaga kanisa hilo, ulichukue, umuulize yale maswali manne.