Jinsi ya Kuandika Tangazo la Kutafuta Wanachama na Watu wa Kujitolea

Vikundi vingi vya kijamii hutafuta watu kupitia tangazo linalobandikwa sokoni, kusomwa kanisani au kutumwa kwa WhatsApp. Mara nyingi watu hulisoma, wakalisifu, kisha siku ya kazi hawaonekani. Kasoro huwa katika maneno ya tangazo lenyewe.

Tuchukue mfano wa kikundi cha Otonglo kinachotaka kuzibua mitaro kabla ya masika. Tangazo lake la kwanza linasema: "Vijana wote, njooni tubadilishe jamii yetu. Umoja ni nguvu." Maneno ni mazuri, lakini msomaji hajui ni kazi gani, ni siku gani, wala itamchukua muda gani. Isitoshe, linalowaita wote halimwiti mtu yeyote kwa hakika. Kila mmoja hudhani mwenzake atakwenda.

Sasa linganisha na hili:

"Masika yakianza, maji hutuama kando ya soko la Otonglo na mbu wa malaria huzaliana humo. Tunatafuta watu 15, wenye miaka 18 na zaidi, wa kuzibua mitaro na kufukia vidimbwi. Kazi ni kila Jumapili, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, kwa wiki 8 kuanzia mwanzo wa Machi. Hakuna malipo na hakuna ada ya kujiunga. Njoo na jembe ikiwa unalo, glavu zipo. Mtumie katibu jina lako na Jumapili utakayoanza kabla ya tarehe 20 Februari."

Tangazo hili linaanza na tatizo ambalo mkazi analiona kwa macho yake. Hilo ndilo linalomgusa, kuliko wito wa jumla. Idadi ya watu 15 inamwonyesha kwamba nafasi yake ina maana. Wiki 8 zinamhakikishia kwamba kazi ina mwisho. Kazi ni ya kila wiki kwa sababu yai la mbu wa malaria huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kidimbwi kikiachwa mwezi mzima, kazi ya awali imepotea.

Siku pia imechaguliwa kwa makini. Katika eneo letu, Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista na ni siku ya mazishi katika boma nyingi. Kikundi kinachoita watu Jumamosi kitakosa wengi wanaokiunga mkono.

Suala la malipo lisifichwe. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, hupangiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Kwa hiyo mkazi anaposikia neno "kujitolea" ana haki ya kujiuliza kama kuna posho. Asipoambiwa mapema, atakuja mara moja, aulize, kisha asirudi. Ikiwa kuna ada ya uanachama, taja kiasi chake na itatumika kwa nini.

Mwisho wa tangazo unaomba jambo moja dogo: jina na tarehe. Anayejibu "niko" kwenye kundi la simu hajaahidi lolote. Aliyetaja Jumapili yake ameshajipangia, na katibu anaweza kumkumbusha Ijumaa. Majina yatumwe kwa katibu pekee, na nambari za vitambulisho zisiombwe mbele ya kundi zima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalumu na kutunzwa salama. Nambari hizo zitahitajika baadaye, kikundi kikienda kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, ambako huhitaji wanachama wasiopungua 10.

Ili kujua kama tangazo limeeleweka, sikiliza maswali yanayokuja. Wengi wakiuliza "ni wapi?" au "mnalipa?", jibu halionekani vizuri, lirekebishwe na litumwe upya. Wakitaja tarehe kisha wasifike, chunguza siku na saa uliyochagua. Pasipo swali wala jina, huenda halijawafikia. Libandike pale watu wanaposubiri, kama kwenye kituo cha matatu, na liandikwe kwa Kidholuo pia. Mzee anayeijua *saga*, kazi ya kusaidiana ya tangu zamani, ataelewa upesi anachoitiwa.

Tangazo haliwezi kufanya kila kitu. Atakayefika Jumapili ya kwanza akute kiongozi yupo, glavu zipo, na kazi inamalizika saa kumi na moja kama alivyoambiwa. Hapo ndipo atakaporudi Jumapili ya pili, pengine na jirani yake.