Vidole, Meno na Vigingi vya Ngoma: Mafunzo Niliyopata Muyinga

Kazi yangu hapa Muyinga ni kadi za harusi, kalenda na mabango ya sherehe. Tangu programu za akili mnemba zinazotengeneza picha ziingie katika kazi hii, kila picha naikagua kwa mpangilio uleule: mikono kwanza, kisha mdomo, kisha masikio na shingo. Mengi ya haya niliyajua kwa kuandaa aina moja ya bango ambayo wateja wangu huipenda kuliko zote, bango lenye wapiga ngoma.

1. Mkono mdogo haupati nafasi

Programu niliyoizoea ni Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, ambayo unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Huanza na chenga tupu, kama za televisheni iliyopoteza mawimbi, halafu huzisafisha hatua kwa hatua ikifuata maneno uliyoiandikia. Usafishaji huo haufanyiki kwenye picha kamili, unafanyika kwenye picha iliyobanwa. Picha ya pikseli 512 kwa 512 hubanwa ikawa visanduku 64 kwa 64, kila kisanduku kikiwakilisha eneo la pikseli 8 kwa 8. Eneo hilo kwa kawaida lina namba 192 za rangi. Kwenye kisanduku hubaki namba 4.

Sasa chukua kundi la wapiga ngoma waliosimama nusu duara. Mpigaji mmoja anapata urefu wa pikseli 200 hivi. Mkono wa mtu, kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole, ni kama sehemu moja ya kumi ya urefu wake, kwa hiyo mkono huu una pikseli 20, na kidole kimoja hakizidi pikseli 2 kwa upana. Ukihesabu kwa visanduku, mkono mzima umekaa kwenye viwili au vitatu. Humo vinatakiwa vidole vitano, mrisho ulioshikwa, na kivuli kati yao. Uso wa mtu huyohuyo nao ni mdogo, lakini macho, pua na mdomo hukaa mahali palepale katika picha nyingi ambazo programu ilijifunzia. Mkono hufunguka, hukunjwa, hujificha nyuma ya kitu, huingiliana na mkono wa jirani.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Kwenye kiolesura ninachotumia, unapaka alama juu ya mkono ulioharibika, unachagua `Only masked`, na programu inakikata kipande hicho, inakikuza kijaze picha nzima, inakichora upya, kisha inakirudisha mahali pake. Maneno ni yaleyale na programu ni ileile, ila mkono sasa una mamia ya visanduku. Mara nyingi unatoka na kucha na mistari ya viungo ambayo mwanzoni haikuwapo hata dalili yake.

2. Kukuza hakufundishi kuhesabu

Hata mkono mkubwa uliochorwa vizuri unaweza kuwa na vidole sita, kila kimoja kizuri kwa upande wake. Hapa ubanaji si sababu tena. Programu hujifunza kinachokaa jirani na nini, na jirani wa kidole kwa kawaida ni kidole kingine. Hakuna mahali ilipoambiwa kwamba baada ya cha tano inatakiwa kusimama. Ilijifunza kwa picha zilizoambatana na maelezo mafupi, na mtu aliyeandika maelezo ya picha ya wapiga ngoma aliandika "wapiga ngoma wa Burundi", hakuandika mkono gani unaonyesha vidole vitatu na vingine viwili vimekwenda wapi. Mwili wenyewe una mifupa 27 katika kila mkono, nayo ndiyo inayoamua. Programu haina mifupa, ina ngozi tu.

Meno ndiyo yanayoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Kwenye picha ya bibi harusi anayecheka, kichwa kikiwa na pikseli 250 hivi, jino la mbele lina upana wa pikseli 9, karibu kisanduku kimoja. Tafuta mstari unaotenganisha meno mawili ya mbele ya juu, kisha uangalie kama umekaa chini ya katikati ya pua. Kwa watu wengi mstari huo hukaribia hapo. Kwenye picha iliyobuniwa mara nyingi utakuta jino moja limekaa katikati kabisa, na meno mengine yamepangwa pande zote mbili kwa ukubwa sawa hadi pembe ya mdomo, bila chonge. Na ukiomba mwanya, ambao kwetu ni uzuri, utapewa safu iliyojaa, au pengo pasipo na jino kabisa.

3. Herini mbili zinatakiwa kujuana

Pambo lina shida nyingine. Herini ya kushoto na ya kulia ni kitu kimoja kilichogawanywa mara mbili, na katikati yao kuna uso mzima. Programu ina njia ya kuhusisha sehemu zilizo mbali, lakini katika picha nyingi za kweli kichwa kimegeuka na sikio moja tu ndilo linaloonekana, kwa hiyo ushahidi kwamba zinafanana ni haba. Mkufu nao hupita nyuma ya nywele au chini ya pindo la imvutano, na unapotokea upande wa pili huwa umebadilika unene, au hautokei kabisa. Ninaufuata kwa ncha ya kalamu, shanga baada ya shanga, hadi nijue umeishia wapi.

4. Jicho huona kosa pale lilipofundishwa

Somo hili nililipata Gitega, na naliona kubwa kuliko mengine. Nilimwonyesha mzee mmoja mpiga ngoma bango ambalo nilikuwa nimeikagua mikono yote iliyomo. Hakuitazama mikono. Aliweka kidole chini ya mdomo wa ngoma. "Mwanangu, vigingi hivi vinashika nini?"

Ngoma yetu huchongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi hiyo hushikiliwa na vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuizunguka. Kwenye bango, baadhi ya vigingi vilielea juu ya ngozi, vingine vilikuwa michoro tu, na upande mmoja ngozi iliishia hewani bila kufungwa. Ni kosa lilelile la meno: vitu vidogo, vinavyofanana, vilivyopangwa safu, kila kimoja kikiwa na kazi ambayo programu haiijui. Densi ya ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na picha zake zimeenea duniani, lakini atakayeona kwamba ngozi hii haiwezi kulia ni yule aliyewahi kuiwamba.

Kwa hiyo mikono haikuwa na ugonjwa wa peke yake. Picha nzima imetengenezwa kwa namna hiyo, majani, matofali, maandishi na mikunjo ya nguo, ila mkono wa binadamu kila mtu ameukagua tangu utotoni.

5. Mkono mzuri si ushahidi

Programu mpya zimepunguza sana makosa haya. Midjourney toleo la 5, la Machi 2023, lilikuwa tayari limeboresha vidole kwa kiasi kikubwa. Kinyume chake, kuna watu waliozaliwa na vidole sita, na mpiga ngoma akipigwa picha mrisho ukiwa mbioni, vidole vyake huyeyuka kuwa ukungu kwenye picha ya kweli kabisa.

Mteja akiniuliza kama picha ni ya kweli, namwomba faili la awali na picha nyingine za tukio hilohilo. Kamera hukutana na ngoma ileile kila mara, hivyo kigingi kilichovunjika kwenye picha ya kwanza kitakuwa kimevunjika kwenye nyingine pia, na pete itabaki kwenye kidole kilekile. Picha zilizobuniwa moja moja hupoteza hesabu hiyo haraka. Lakini siku hizi programu inaweza kupewa picha moja ya kweli ikaiiga, na ikiwa kilicholetwa ni nakala moja tu iliyopita WhatsApp na kubanwa upya, namwambia sina cha kuthibitisha.