SOMO LA WIKI: Umechelewesha mzigo wa mteja? Andika barua pepe yenye tarehe, si machozi

Mfanyabiashara anaposhindwa kukabidhi mzigo kwa siku aliyoahidi, hupoteza vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni muda, nao haurudi. Cha pili ni imani ya mteja, na hii huweza kurudi, lakini hairudishwi na neno "samahani" peke yake. Hurudishwa na hesabu ambayo mteja anaweza kuikagua mwenyewe. Wiki hii tutatazama jinsi hesabu hiyo inavyoandikwa katika barua pepe ya kuomba radhi.

Tuchukue mfano. Kiwanda kidogo cha Dar es Salaam kinachapa viroba vya kufungashia mchele. Kinu kimoja cha Mbeya kimeagiza viroba 18,000 vya kilo 25 kwa bei ya Sh 800 kimoja, yaani Sh 14,400,000 kwa oda nzima. Mzigo ulitakiwa uwe umefika Mbeya Jumatatu tarehe 10 Machi.

Jumatano tarehe 5 beringi ya mashine ya kuchapia ilikatika. Fundi aliipata nyingine na mashine ikawaka tena Jumamosi tarehe 8. Siku zote hizo mwenye kiwanda alikaa kimya, akitumaini "kukimbiza kazi". Jumatatu asubuhi mteja akapiga simu kuuliza mzigo uko wapi. Viroba vilivyokuwa tayari ni 6,000 tu.

Barua ambayo wengi wetu tungeandika hapo ni hii: "Tunaomba radhi sana kwa usumbufu uliojitokeza. Tulipata matatizo yaliyo nje ya uwezo wetu. Tunafanya kila jitihada na mzigo utafika hivi karibuni."

Msomaji, jiweke katika kiti cha meneja wa kinu. Ana wapagazi wa kuwalipa na mchele uliokwisha kukobolewa. Je, barua hiyo imemwambia kama afunge kinu keshokutwa au asifunge? Haikumwambia. "Usumbufu uliojitokeza" haumtaji aliyeusababisha. "Nje ya uwezo wetu" si kweli, maana kukaa kimya siku tano kulikuwa ndani ya uwezo wake. Na "hivi karibuni" si tarehe. Akimaliza kuisoma, meneja atafanya jambo moja la busara: atampigia mchapaji mwingine.

Kabla ya kuandika, piga simu

Barua pepe ni ya kuthibitisha. Habari mbaya yenyewe itangulie kwa sauti. Simu hiyo ina kazi moja kubwa, nayo ni kumwuliza mteja: "Ulichonacho kitakufikisha lini, na kwa siku unatumia kiasi gani?"

Meneja wa kinu akajibu kwamba ana viroba vya zamani vya kumfikisha hadi jioni ya Jumatano tarehe 12, na kwamba hutumia viroba 1,500 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Majibu hayo mawili ndiyo msingi wa barua yote. Mwenye kiwanda alikuwa akihesabu viroba vilivyobaki. Mteja anahesabu siku ambazo kinu hakitasimama. Suluhisho lazima lipimwe kwa kipimo cha mteja.

Tarehe mpya inatoka wapi?

Hapa ndipo wengi huanguka mara ya pili. Mtu mwenye aibu hutoa tarehe ya karibu ili kumpoza mteja, kisha naikosa hiyo pia. Kuchelewa mara moja mteja huweza kukuita ajali. Kuchelewa mara mbili atakuita tabia.

Usitumie uwezo wa mashine ulioandikwa kwenye kitabu chake. Mashine yetu ya mfano inasemekana huchapa viroba 4,000 kwa siku, lakini daftari la uzalishaji linaonyesha kwamba ukitoa muda wa kubadili wino, umeme kukatika na viroba vinavyoharibika, wastani halisi ni 2,400. Vilivyobaki ni 12,000. Gawa kwa 2,400, unapata siku tano: Jumanne tarehe 11 hadi Jumamosi tarehe 15. Lori likiondoka Dar es Salaam jioni huchukua siku mbili kufika Mbeya, kwa hiyo mzigo wa mwisho utafika Jumatatu tarehe 17. Ongeza siku moja ya akiba. Tarehe ya kuahidi ni Jumanne tarehe 18.

Sasa iweke tarehe hiyo mbele ya siku za mteja. Viroba 6,000 vilivyo tayari vikiondoka leo Jumatatu jioni, vitafika Jumatano jioni, saa zile zile akiba yake inapokwisha. Kwa matumizi ya 1,500 kwa siku, vitamtosha Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu tarehe 17. Fungu la mwisho likifika mchana wa Jumanne badala ya asubuhi, kinu kitasimama. Kwa hiyo pengo hilo lizibwe mapema: viroba 4,800 vitakavyochapwa Jumanne na Jumatano viondoke Jumatano jioni, vifike Ijumaa tarehe 14. Hivyo vitamfikisha hadi Alhamisi tarehe 20. Fungu la mwisho la 7,200 sasa lina nafasi ya kuchelewa hata siku mbili bila kinu kusimama.

Angalia kwamba kiwanda hakikuongeza kasi hata kidogo. Kimepanga tu mzigo ule ule kufuata siku za mteja.

Gharama: lipia suluhisho kwanza

Wengi hukimbilia kutoa punguzo. Asilimia 5 ya oda hii ni Sh 720,000. Tuseme faida ya kiwanda ni asilimia 8, yaani Sh 1,152,000. Punguzo hilo litakula zaidi ya nusu yake bila kumletea mteja kiroba kimoja. Lakini kupeleka mzigo kwa mafungu matatu badala ya moja kunaongeza safari mbili. Tukikadiria Sh 150,000 kwa safari, ni Sh 300,000, na fedha hiyo ndiyo inayozuia kinu kisisimame.

Kinachobaki kitumike kuipa ahadi mpya meno: fungu la mwisho lisipofika tarehe 18, tutakata Sh 40 kwa kila kiroba cha fungu hilo. Kwa viroba 7,200 ni Sh 288,000. Mambo yakiharibika kabisa, kiwanda kitakuwa kimetumia Sh 588,000 na bado kina faida.

Usiandike kamwe "tutafidia hasara yako yote". Hujui ukubwa wake, na barua pepe si maneno ya hewani. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na ujumbe wa aina hiyo unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Ahidi kiasi kinachohesabika.

Tena, chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi halazimiki kupokea mzigo kwa mafungu kama hamkukubaliana hivyo. Kwa hiyo ratiba ya mafungu huombwa, haitangazwi.

Barua yenyewe

Kichwa: Oda Na. 114, viroba 18,000: tumechelewa; ratiba mpya kwa idhini yako leo

Ndugu Meneja,

Viroba vyako 18,000 vilipaswa kufika Mbeya leo tarehe 10 Machi. Havikufika, na kosa ni letu. Beringi ya mashine ya kuchapia ilikatika tarehe 5, ikatengenezwa tarehe 8. Tulipaswa kukuarifu siku ile ile ya tarehe 5. Hatukufanya hivyo, na kwa hilo tunakuomba radhi.

Kufuatana na mazungumzo yetu ya simu, akiba yako inakwisha Jumatano jioni. Tunaomba ukubali tulete mzigo kwa mafungu matatu:

Viroba 6,000 vinaondoka leo jioni, kufika Jumatano tarehe 12.
Viroba 4,800 vinaondoka Jumatano, kufika Ijumaa tarehe 14.
Viroba 7,200 vya mwisho vitafika si zaidi ya Jumanne tarehe 18.

Gharama za safari mbili za ziada ni zetu. Fungu la mwisho likipita tarehe 18, kata Sh 40 kwa kila kiroba cha fungu hilo kwenye ankara yetu.

Kila jioni saa 11 nitakupigia simu mimi mwenyewe na kukueleza idadi iliyochapwa siku hiyo. Tafadhali nijibu kabla ya saa 9 alasiri leo kama unakubali, ili lori la kwanza lipakiwe.

Wako katika biashara,
Mkurugenzi

Tuipitie. Kichwa kina namba ya oda, hivyo meneja ataiona hata katikati ya barua nyingine hamsini. Kosa limetajwa kwa sentensi fupi na bila sababu za kujitetea. Beringi imepewa sentensi moja tu, kwa kuwa mteja hanunui beringi. Neno la radhi limetokea mara moja, mahali pake, likiambatana na kosa halisi, ambalo ni ukimya. Zaidi ya nusu ya barua inazungumzia siku zijazo. Na inaishia na jambo moja la kujibiwa, ndiyo au hapana, na saa ya kulijibu.

Baada ya kutuma

Ahadi ndogo ya simu ya saa 11 ndiyo inayojenga. Mteja hawezi kujua leo kama tarehe 18 ni ya kweli, lakini anaweza kujua leo jioni kama simu ililia. Jioni ya idadi mbaya ndiyo usiiruke kabisa. Mashine ikitoa viroba 1,700 badala ya 2,400, sema 1,700 na ueleze kama tarehe imeguswa au haikuguswa.

Utajuaje kama imani imerudi? Usitazame maneno ya adabu. Tazama oda inayofuata. Mteja aliyeagiza 18,000 akiagiza 5,000, au aliyekuwa akilipa nusu kabla ya kazi akisema atalipa mzigo ukifika, bado anakupima. Usimbishie. Kabidhi hizo 5,000 siku moja kabla, kisha ndipo uzungumzie masharti.

Njia hii ina mpaka wake. Kama mzigo ulikuwa wa siku moja tu, kama fulana za mkutano uliokwisha kufanyika, hakuna ratiba itakayouokoa. Hapo barua iwe fupi zaidi: kosa, radhi, kiasi cha fedha kinachorudishwa na siku kitakapolipwa. Kumshawishi mteja apokee mzigo usio na kazi tena ni kumkosea mara ya pili.